Alama 11 kati ya 20 zinasema nini?

Aliyeongoza darasa katika shule ya kata anaingia chuo kikuu na kukuta ukumbi umejaa walioongoza shule zao. Kwenye semina, waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea wanajibu bila kigugumizi. Yeye jibu analo, ila bado anatafuta maneno, na wiki haijaisha ameshajihukumu kuwa amefika pale kwa bahati na siku moja atagundulika. Wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza hofu hiyo mwaka 1978 baada ya kuiona kwa wanawake waliofaulu sana masomoni.

Kinachomwangusha mwanafunzi wa namna hii mara nyingi ni kujificha. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walifeli kalkulasi. Alikuta si wavivu hata kidogo. Walisoma saa nyingi, lakini peke yao. Wenzao wenye asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni kukaguana kazi. Hapo ndipo mtu hutambua kuwa swali lililomshinda limewashinda wengine pia. Treisman aliunda vikundi, akavipa maswali magumu kuliko ya darasani, na ufaulu ukapanda.

Diskasheni zetu nyingi haziko hivyo. Mmoja anafundisha, wengine wananakili, na mwenye hofu anatoka akiwa na hofu zaidi. Nashauri watu wanne, kila mmoja awe ameshahangaika peke yake na aje na karatasi inayoonyesha mstari aliokwamia. Aliyekwama aanze kusema.

Kisha lipo jaribio la kwanza. Tuseme umepata 11 kati ya 20. Matokeo yakibandikwa kwa namba za usajili, zipange alama zote kutoka chini hadi juu, utazame iliyo katikati. Ikiwa ni 10, basi angalau nusu ya darasa iko chini yako, na huenda wamo baadhi ya wale wasemaji wa semina.

Sasa fungua karatasi yako, uchambue alama 9 zilizopotea. Labda 2 ni za kukosea alama ya kutoa, 3 ni za swali ambalo muda ulikuishia, na 4 ni za mada ambayo kidato cha sita mliipitia juujuu. Hizo 4 ni pengo la kweli, na kujipa moyo hakutaliziba. Mpelekee mwalimu msaidizi swali hilohilo pamoja na ulichojaribu kuandika, mapema, kabla mada inayofuata haijajengwa juu yake. Lakini ikiwa hofu imekunyima usingizi au imekufanya ukwepe vipindi, usingoje matokeo ya jaribio la pili. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hiyohiyo.