KAMERA YA KUCHUNGULIA NDANI YA PAIPU

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na shida. Tangi la maji ya mvua limejaa, lakini mfereji ulioko chini unatoa maji membamba kama uzi. Paipu ni ya plastiki, inchi mbili, nayo imezikwa ardhini mita 12. Watu walikuwa wameshabeba majembe ili wafukue mtaro wote. Kijana mmoja fundi akawaambia, "Mama, ngojeni kwanza tuchungulie."

Alikuwa na kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Ni waya wa mita 5, na kichwa chake chembamba kama kalamu. Kwenye kichwa kuna kioo cha kamera katikati, na vitaa vidogo 6 vimekizunguka. Picha unaiona kwenye simu. Simu nyingine hazionyeshi kitu mpaka uwashe OTG kwenye Settings, kwa hivyo jaribuni kamera na simu yenu kabla ya kulipa.

Wengi hununua kamera hii halafu wanalalamika kwamba picha ni ukungu mtupu. Mara nyingi kamera si mbovu. Mambo mawili hayajaeleweka: umbali na taa.

UMBALI

Jicho la mtu hujirekebisha likitazama karibu au mbali. Kamera nyingi za bei nafuu haziwezi. Zimewekwa kuona vizuri mahali pamoja tu, mara nyingi kati ya sentimita 3 na 8 mbele ya kichwa. Ukikaribia zaidi ya hapo, picha inavurugika. Ukiwa mbali pia ni hivyo hivyo.

Kila kamera ina umbali wake, basi upimeni nyumbani. Simamisha kipande cha gazeti, weka rula mezani, kisha sogeza kichwa polepole. Andika mahali herufi zinapoanza kusomeka na mahali zinapoishia. Kamera ya yule fundi ilisoma vizuri kwenye sentimita 5.

Ndani ya paipu kichwa hulala chini, na kinachoonekana ni ule ukuta wa chini ulio karibu mno. Fundi alikata kipande cha sponji, akakitoboa katikati na kukivisha nyuma ya kichwa, akakifunga kwa uzi kisije kikabaki ndani. Sasa kichwa kikakaa katikati ya paipu.

TAA

Kwenye waya kuna kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza mwanga. Usifikirie kwamba mwanga mwingi ndio mzuri. Paipu iliyolowa inang'aa, na mwanga ukizidi unarudi kwenye kamera, picha inakuwa nyeupe tupu. Punguza mpaka uone rangi ya uchafu. Paipu nyeusi, au silinda ya injini iliyojaa masizi, hunyonya mwanga, kwa hivyo hapo ndipo unaongeza. Injini yenyewe iwe imezimwa na kupoa.

Maji machafu nayo ni kama kuendesha gari kwenye ukungu: ukiwasha taa kubwa unaona ukuta mweupe. Dawa yake si taa, ni kuyatoa maji kwanza.

ILIVYOKUWA SIKU HIYO

Walifunga valvu ya tangi, wakafungua mfereji na kuyaacha maji yaishe. Fundi alibandika utepe kwenye waya kila nusu mita, akaingiza kamera kutoka upande wa chini. Alipofika kama mita 3, picha ikaonyesha mstari mweusi. Mama mmoja akasema, "Imepasuka!" Lakini picha ilikuwa ya ukungu, na fundi hakukubali. Alirudisha waya sentimita 2 na kupunguza taa kidogo. Ule "ufa" ukawa ni kiungo cha paipu ambacho gundi haikushika vizuri, na mizizi myeupe imepenya hapo na kujaa kama nywele.

Waya ulikuwa umeingia mita 3 na sentimita 20. Kumbuka kamera inaona mbele yake, kwa hivyo aliongeza zile sentimita 5: shida iko mita 3 na sentimita 25. Walipima juu ya ardhi kufuata njia ya paipu, wakachimba shimo moja tu. Mizizi ilikuwa hapo. Walikata kipande hicho, wakaunga kipya, na kabla ya kufukia waliacha maji yapite waone kama panavuja.

Kamera ina mipaka yake. Haizibui, inaonyesha tu. Kwenye kona kali waya unaweza kukwama, na hapo usiusukume kwa nguvu. Toa, uingilie upande wa pili. Tena, kichwa ndicho kinachovumilia maji. Plagi na kile kigurudumu visiloe.