Kwa nini mwekezaji huuza hisa zinazopanda na kung'ang'ania zinazoshuka

Wawekezaji wengi wa hisa hukosea kwa namna moja: hisa iliyopanda bei huiuza mapema, na iliyoshuka huikalia miaka. Mwaka 1985 wasomi wawili wa fedha nchini Marekani, Hersh Shefrin na Meir Statman, waliieleza tabia hii na kuonyesha kwamba chanzo chake ni namna binadamu anavyoweka hesabu za faida na hasara akilini mwake.

Tuseme mtu amenunua hisa za kampuni mbili, kila moja kwa shilingi 1,000,000. Baada ya mwaka, za kampuni ya kwanza zina thamani ya 1,300,000 na za pili 700,000. Sasa anahitaji 700,000 za karo. Anaweza kuuza hisa zote za kampuni ya pili, au kuuza sehemu tu ya zile za kwanza. Kwa vyovyote vile, mali yake yote ni 2,000,000 kabla ya kuuza, na 1,300,000 baada ya kutoa karo. Hata hivyo wengi huuza zile zilizopanda.

Mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2017, alionyesha kwamba watu hawaitazami mali yao kama fungu moja. Kila hisa hufunguliwa daftari lake akilini siku inaponunuliwa, na bei ya kununulia huandikwa humo kama kipimo. Bei inapopanda au kushuka, daftari bado liko wazi. Kuuza ndiko kulifunga. Kufunga daftari lenye faida kunampa mtu fahari ya kuchagua vyema, na kufunga lenye hasara kunamlazimu akubali kwamba alikosea. Kwa hiyo husema bado hajapata hasara kwa kuwa hajauza, ingawa hakuna mnunuzi sokoni atakayempa zaidi ya 700,000.

Jambo la pili lilielezwa mwaka 1979 na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky. Uchungu wa hasara huzidi raha ya faida ya kiasi kilekile. Tena, mtu aliye upande wa faida hupenda uhakika, ila akiwa upande wa hasara huwa tayari kubahatisha. Ikiwa hisa ile ya 700,000 inaweza kurudi 1,000,000 au kuanguka hadi 400,000, kwa uwezekano sawa, mwenye nayo huvutwa na ile nafasi ya kurudisha fedha zake zote. Anachosahau ni kwamba hisa iliyoshuka kwa asilimia 30 inahitaji kupanda kwa karibu asilimia 43 ili ifike ilipoanzia.

Ushahidi mkubwa ulitolewa na Terrance Odean mwaka 1998. Alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa Marekani, kuanzia 1987 hadi 1993. Kila siku mteja alipouza hisa, alihesabu zile zilizokuwa na faida na zile zilizokuwa na hasara, kisha akaona ni zipi zilizouzwa. Kwa jumla, faida zilizokuwepo zilichukuliwa kwa asilimia 14.8, na hasara zilikubaliwa kwa asilimia 9.8 tu.

Huenda wateja walijua kwamba hisa zilizoshuka zingeinuka? Odean alilipima hilo pia. Katika mwaka uliofuata, hisa zilizopanda zikauzwa zilifanya vizuri kuliko zilizoshuka zikabakizwa, kwa wastani wa asilimia 3.4. Kodi nayo haiielezi tabia hii, kwani Marekani hasara iliyouzwa humpunguzia mtu kodi, na faida iliyouzwa humwongezea. Ni mwezi wa Desemba tu, mwaka wa kodi unapokaribia kwisha, ambapo wateja hao waliuza zaidi hisa zenye hasara.

Hii haina maana kwamba kila hisa inayoshuka iuzwe. Kampuni nzuri huweza kushuka bei kwa muda, na sababu halali ya kubaki nayo ni hali ya kampuni yenyewe: mauzo yake, madeni yake na faida inayotarajiwa. Dalili ya kosa ni pale sababu pekee ya kungoja inapokuwa bei ya zamani, yaani mtu anapoahidi kuuza pindi tu atakaporudisha fedha zake. Soko halijui alinunua kwa bei gani, wala halimdai wala kumlipa kwa ajili hiyo.

Kipimo kinachofaa ni swali moja: kama mwekezaji angekuwa na fedha taslimu mkononi leo, je, angeinunua hisa hiyo kwa bei ya leo? Ikiwa jibu ni hapana, na gharama za kuuza na kodi zimekwisha kuzingatiwa, hana sababu ya kuendelea kuishika.