Halikuwa sanduku, lilikuwa kasiki: Kisa cha Pandora na tamaa iliyobaki ndani

Kila siasa inapochacha hapa kwetu, hakosekani wa kusema kwamba fulani "amefungua sanduku la Pandora". Oktoba 2021, waandishi wa habari wa mataifa mengi walipoanika siri za matajiri walioficha mali ng'ambo, nyaraka zile nazo ziliitwa za Pandora. Jina limezoeleka. Lakini ukimuuliza msemaji ndani ya sanduku hilo mlikuwa na nini, atakujibu kwamba mlitoka mabaya yote ya dunia, likabaki tumaini. Kisha ongeza swali moja: tumaini, kitu chema, lilikuwa likitafuta nini humo ndani pamoja na maradhi na balaa?

Swali hilo si la mzaha. Wasomi wamelibishania tangu zamani, na mimi lilinigusa kwa sababu nitakayoieleza mbele. Kwanza turudi kwenye asili ya kisa chenyewe, maana kimebadilishwa mengi njiani.

Mwenye kisa ni Hesiodi, mkulima na mshairi wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika kijiji cha Askra. Alikieleza katika utenzi wake uitwao Kazi na Siku. Katika masimulizi yake, Prometheo aliiba moto kwa miungu ya Wayunani, akauficha ndani ya bua lenye uwazi, akawapelekea wanadamu. Zeu, mkubwa wa miungu hiyo, akakasirika na kuapa kulipiza. Akaamuru ufinyangwe mwanamwali kwa udongo na maji. Kila mungu akampa kitu: huyu mapambo, huyu haiba, huyu ulimi wa hila. Kwa sababu wote walimpa zawadi, akaitwa Pandora.

Mwanamwali akapelekwa kwa Epimetheo, ndugu yake Prometheo. Majina ya ndugu hao yana maana. Prometheo ni mwenye kufikiri kabla, na Epimetheo ni mwenye kufikiri baada ya mambo kuharibika, yule tunayemwambia kwamba majuto ni mjukuu. Alikuwa ameonywa na nduguye asipokee zawadi yoyote kutoka kwa Zeu. Akasahau, akapokea. Pandora akafunua kifuniko, na taabu zikatawanyika duniani. Hata maradhi, asema Hesiodi, hutujia usiku na mchana kimyakimya, kwa kuwa Zeu aliyanyima sauti. Kitu kimoja tu kilisalia ndani, chini ya ukingo wa mdomo, kwa sababu kifuniko kilirudi kabla hakijatoka. Kitu hicho kwa Kiyunani huitwa elpisi.

Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, kwa Hesiodi hakuna mahali Pandora anapokatazwa kufungua. Aliyekatazwa kitu ni Epimetheo, naye alikatazwa kupokea zawadi. Wala Hesiodi hasemi kwamba Pandora aliponzwa na udadisi. Habari ya chombo kilichoharamishwa na mwanamke asiyeweza kujizuia iliongezwa na wasimulizi wa baadaye. Sisemi kwamba Hesiodi aliwatetea wanawake, kwani maneno yake juu yao ni makali kweli. Lakini lawama ya udadisi si yake.

Pili, hakuna sanduku. Neno alilotumia Hesiodi ni pithosi, na hilo sisi wa pwani tunalo jina lake: kasiki. Ni mtungi mkubwa wa udongo wa kuwekea nafaka, mafuta au mvinyo, na aghalabu nusu yake ilizikwa ardhini ili usimame imara. Katika magofu ya Knoso, kisiwani Krete, yamekutwa makasiki ya namna hiyo yanayofikia kimo cha mtu mzima. Si chombo cha kubebwa kwapani.

Sanduku lilitokea zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Mwaka 1508, msomi Erasmo wa Roterdamu alikuwa akieleza kwa Kilatini methali ya mpumbavu anayepata akili akisha kuumia, yaani methali ya akina Epimetheo. Alipofika kwenye kisa hiki, mahali pa pithosi akaandika piksisi, ambacho ni kijichombo chenye kifuniko cha kutilia dawa au vipodozi. Kwa lugha yetu, kasiki la ukutani likageuka kijaluba cha mkononi. Kitabu chake kilisomwa Ulaya nzima, wachoraji wakamchora Pandora ameshika kisanduku, na kosa likawa ndiyo habari yenyewe.

Unaweza kusema kasiki au kijaluba, tofauti iko wapi? Tofauti ni kubwa, kwa sababu kijaluba huficha siri lakini kasiki huweka akiba. Na hapo ndipo ubishi wa tumaini unapoanzia.

Tufuate hoja hatua kwa hatua. Mabaya yalipokuwa ndani ya kasiki hayakumdhuru mtu. Yalipotoka, yakatupata. Basi kasiki ni gereza: kilichomo hakitufikii, kilichotoka kinatufikia. Kwa hesabu hiyo, tumaini lililobaki ndani halitufikii, na maana ya kisa ni kwamba wanadamu tumepewa taabu zote na kunyimwa hata tumaini. Lakini hilo halilingani na tunachokiona, maana watu wanatumaini kila siku.

Tuligeuze basi. Kasiki ni ghala: kilichobaki ndani ni chetu, tumewekewa nyumbani. Hapo tumaini ni faraja tuliyoachiwa. Maana hii yapendeza, ila yaleta swali lingine: ikiwa kasiki ni ghala la vitu vyema, mabaya yaliwekwa humo ya nini?

Walikuwapo waliojaribu kulimaliza tatizo kwa kubadilisha kisa. Babrio, mtunzi wa ngano wa Kiyunani aliyekuja karne nyingi baada ya Hesiodi, alisimulia kwamba kasiki lilijaa mema, si mabaya. Mtu asiye na subira akalifunua, mema yote yakaruka kurudi kwa miungu, likabaki tumaini peke yake, likituahidi yale yaliyotukimbia. Mantiki imekaa sawa, na huko hata mwanamke hatajwi. Lakini hicho ni kisa kingine. Hesiodi alisema mabaya.

Mimi naona fundo limo katika neno elpisi. Tumezoea kulifasiri "tumaini", lakini kwa Wayunani wa kale lilikuwa pana zaidi. Lilikuwa ni kule kutazamia lijalo, liwe zuri au baya, la kweli au la kujidanganya. Na sisi Waswahili tuna neno linalokaribiana nalo kwa namna ya ajabu, nalo ni tamaa. Tunamwambia mgonjwa asikate tamaa, na hapo tamaa ni uzi wa uhai. Kisha tunamwonya mfanyabiashara kwamba tamaa mbele, mauti nyuma, na hapo tamaa ndiyo inayomuua. Neno ni moja na hatuoni ajabu. Kitu chenye nyuso mbili hivyo hakishangazi kukutwa ndani ya kasiki la mabaya, wala hakishangazi kuwekwa akiba.

Kwamba Hesiodi mwenyewe alizijua nyuso hizo mbili, ushahidi umo katika utenzi uleule. Aliutunga akimwelekea nduguye Perse. Baba yao alipofariki waligawana urithi, na Hesiodi alalamika kwamba Perse alichukua zaidi ya fungu lake, akiwategemea waamuzi wala rushwa. Baadaye Perse yuleyule akafilisika, akaja kuomba kwa nduguye. Hesiodi akamkatalia, akamwambia alime. Sisi tungemwambia kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na mbele kidogo, anapozungumzia msimu wa baridi, Hesiodi anamtaja mtu asiye na riziki aliyeketi barazani kwa mhunzi, penye joto la moto, akingojea tumaini tupu. Tumaini la namna hiyo, asema, si jema kwa mhitaji. Elpisi iliyobaki ndani ya kasiki imetokeza tena, safari hii imekaa barazani na mtu mvivu. Katika utenzi huohuo, kasiki nalo linarudi: anamshauri mkulima ajishibishie linapofunguliwa na linapokaribia kwisha, lakini katikati abane matumizi, maana kubana lilipobaki la chini kabisa ni kazi bure. Kwa mkulima huyu, kilichomo kasikini kina thamani kwa anayejua namna ya kukitumia.

Sasa nieleze kwa nini swali hili lilinigusa. Nilipomaliza diploma yangu, niliahidiwa kazi katika ofisi moja. Nikaambiwa faili langu liko juu ya meza, ningoje wiki moja. Nilingoja karibu miaka mitatu. Kila magharibi nikikaa barazani, wenzangu wakiniuliza, nami nikiwajibu kwa furaha kwamba ni wiki ijayo. Kazi mbili ndogo zilipita mbele yangu nikazikataa, kwa kuwa yangu kubwa ilikuwa njiani. Marehemu mama alinisikiliza siku moja, akaniambia, "Mwanangu, ungekuwa umekata tamaa, ungekuwa ushakula." Nilikasirika sana. Juma lililofuata nilikwenda kuomba kibarua cha kuhesabu magunia ghalani.

Kwa miaka hiyo nilijiona mtu mwenye tumaini, na watu walinisifu kwa subira. Niliposoma habari ya yule mtu wa barazani kwa mhunzi, nilijiona mwenyewe. Kilichonizuia kuchukua kazi mbili zile hakikuwa maradhi wala uadui wa mtu. Ni kitu kilichobaki chini ya kifuniko, nami nikikiita chema.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokimaliza kisa hiki kwa kusema, "Alhamdulillahi, tumaini lilibaki." Hesiodi hakusema kwamba ni jambo la kushukuriwa, wala hakusema ni la kulaaniwa. Alisema tu limebaki nyumbani, ndani ya kasiki, pale mkulima anapoweka mbegu ya msimu ujao. Mbegu hiyo anayeitoa akaipanda amefaidika nayo. Anayekaa kuitazama, mwisho huliwa na fukusi.