Barua ya Ghadhabu na Hatima Yake

Mtu aliyedhulumiwa na mwenziwe aghalabu hushauriwa amwandikie barua asiyokusudia kuipeleka. Walakini ni wachache wamwambiao la kufanya na karatasi ile wino ukishakauka, ilhali hapo ndipo nafuu hupatikana au hupotea.

Tumchukue kijana ambaye kaka yake mkubwa ameuza shamba la marehemu baba yao pasipo kumshauri. Siku ya kwanza huandika faraghani kwa dakika 15, katika karatasi wala si katika simu, ambamo maneno yaweza kumfikia kaka kwa kuteleza kidole. Na yatokayo ni matusi matupu. Waraka huo auchane papo hapo. Mwaka 2024 Nobuyuki Kawai na Yuta Kanaya wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walieleza jinsi walivyowaudhi watu kwa kuyatweza maandishi yao, kisha wakawataka waandike waliyoyahisi: wale walioitupa karatasi au kuisaga kwa mashine, ghadhabu yao ilishuka hata ikakaribia ilipokuwa kabla ya kutwezwa, bali walioihifadhi walibaki na hasira zaidi. Hata hivyo, ile ilikuwa hasira ya muda mfupi. Uchungu wa mirathi hauishi kwa kuchana karatasi moja.

Kwa hiyo na aandike tena siku 3 zifuatazo. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwenziwe Sandra Beall, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1986, waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, wakaona kwamba waliosimulia msiba wao pamoja na hisia zake waliinuka na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa tabibu mara chache kuliko wenzao. Baadaye Pennebaker alichunguza maneno yenyewe, akakuta kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maneno ya sababu na utambuzi yalizidi katika maandishi yao siku hata siku. Basi kijana wetu akiandika siku ya nne, "Uliuza kwa sababu deni lilikubana, nami nilinyamaza kwa kuwa tangu utotoni nilikuogopa," amesogea, ijapokuwa hajasamehe wala halazimiki kusamehe. Lakini akirudia matusi yale yale, au usingizi ukampaa siku kadhaa, aweke kalamu chini amwendee mshauri. Na ambaye dhulma yake ni mbichi, au angali akiishi na mdhulumu, asianze peke yake.

Barua ya nne, kwa maoni yangu, asiichane upesi. Aifunge mahali ambapo jamaa hawataiona, aisome baada ya mwezi, atafute humo sentensi yenye dai la haki, kama vile, "Nataka fungu langu la thamani ya shamba." Dai hilo aliandike upya kwa maneno ya utulivu, alipeleke kwa wazee wa ukoo, na wasipoafikiana, kwa hapa Tanzania, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya mirathi. Yaliyosalia katika barua hayamhusu kaka, na aweza kuyachoma.