Mteja mpole anapobaki mwisho wa foleni

Kampuni za simu, za umeme na benki hupokea meseji nyingi kuliko wahudumu walionao. Ndiyo maana baadhi zimeanza kutumia programu inayosoma kila meseji, kuipa alama ya hasira na kuipeleka mbele ile iliyochacha.

Programu za aina rahisi hutegemea orodha ya maneno yenye alama. VADER, iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya Kiingereza, hutoa jibu kati ya -1 na +1, na herufi kubwa au alama za mshangao huongeza makali. Ukiitengenezea Kiswahili orodha ya namna hiyo, matatizo huanza mapema. Kukanusha kwetu mara nyingi kumo ndani ya kitenzi: “haijaingia”, “sijapokea”. Programu inayosubiri neno la kukanusha lisimame peke yake hupita bila kuona kitu.

Tuchukue mfano. Tuseme “mbovu” na “wizi” yana -3 kila moja, “msaada” na “asante” +2. Saa mbili asubuhi zinaingia meseji mbili. Ya kwanza: “HUDUMA MBOVU, huu ni WIZI!!! Bando limeisha haraka.” Jumla ni -6, bado mishangao. Ya pili: “Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu. Nimetuma laki tatu ya ada kwa namba nyingine kimakosa. Naomba msaada, asante.” Hii inapata +4, kwa hiyo inakwenda chini kabisa. “Kosa” limo kwenye orodha, lakini “kimakosa” halimo, na “laki tatu” haina alama yoyote.

Bando lililoisha linaweza kungoja hadi mchana. Laki tatu haziwezi, kwa sababu aliyezipokea anaweza kuzitoa kwa wakala wakati wowote. Mtu aliyelelewa kusalimia na kuomba radhi kabla ya kueleza shida yake anacheleweshwa kwa adabu yake mwenyewe. Hilo linaniudhi, maana wapo wateja wazee wanaoandika hivyo.

Programu zilizofunzwa kwa mifano halisi hukosea mara chache kuliko hizo za orodha. Mkusanyo wa AfriSenti wa mwaka 2023, wenye twiti za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, umesaidia. Hata hivyo alama zake ni chanya, hasi au katikati. Hazisemi hasara ni kubwa kiasi gani.

Msimamizi anayetaka kujua kama foleni yake inakosea asome meseji zilizopewa alama za utulivu, kisha atazame walioandika mara ya pili. Akikuta wengi walianza kwa upole na kurudi kwa ukali, mpangilio wake ndio uliowakasirisha.

Dawa ninayoiona inafaa ni kupanga kwanza kwa jambo lenyewe: pesa iliyopotea, akaunti iliyofungwa, nguzo ya umeme iliyoanguka. Hasira itumike baadaye, kupanga meseji za kundi moja, na kila saa ya kungoja iongeze alama ili aliye kimya naye asogee mbele.