Mgeni Ameondoka, Nawe Utamwandikiaje?

Anayepokea wageni nyumbani kwake kupitia Airbnb hupimwa na kila anayelala kwake, lakini naye humpima mgeni. Mgeni akishaondoka, kila upande hupewa siku 14 za kuandika tathmini. Mwenyeji hutoa nyota, kuanzia 1 hadi 5, kwa usafi, kwa kufuata kanuni za nyumba na kwa mawasiliano, kisha huandika maneno machache ambayo wenyeji wengine watayasoma kabla ya kumkubali mgeni huyo. Hakuna anayeona alichoandika mwenzake mpaka wote wawili wawe wamewasilisha, au siku hizo ziishe. Kwa hiyo mgeni hawezi kusoma kwanza ndipo akulipize. Kazi iliyobaki ni kumtendea haki.

Tuchukue mfano wa nyumba ya familia huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, yenye chumba kimoja cha wageni. Mume na mke kutoka Nairobi wamelala hapo kwa siku nne. Walipoondoka, mama mwenye nyumba akakuta mchanga sakafuni na bafuni, taulo mbichi zimetupwa kitandani, na shuka jeupe lina doa la piko, yale maua meusi wanayochorwa watalii ufukweni. Tena, usiku wa pili walikuwa wamekaribisha marafiki barazani hadi karibu saa sita, ilhali kanuni inataka wasiolala hapo wawe wameondoka saa nne.

Mwenye hasira angeandika, "Wachafu, hawana adabu," akamaliza. Mwenye haki hupitia jambo moja baada ya jingine.

Mchanga hauhesabiwi. Nyumba iko hatua chache kutoka baharini, na mgeni amelipa ada ya usafi. Kufagia ni kazi iliyokwisha kulipiwa. Taulo nazo ni uzembe mdogo tu. Usafi unaostahili kupunguziwa nyota ni ule unaozidi usafi wa kawaida: vyombo vilivyoota ukungu, chakula kilichooza, harufu ya sigara katika chumba kisichoruhusu kuvuta, au takataka zilizotapakaa hadi kazi ya saa moja ikachukua siku nzima.

Doa la piko linahitaji maswali mawili. Je, mgeni alionywa? Katika kanuni za nyumba hiyo, zile alizozisoma kabla ya kulipia, piko halikutajwa. Je, alificha? Hakuficha. Asubuhi ile mke alikuja jikoni akasema, "Mama, samahani, nimelichafua shuka. Niambie bei yake nilipe." Shuka ni hasara ya kweli, ila hasara ina njia yake: ombi la malipo hutumwa kupitia mtandao wenyewe, pamoja na picha, ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Kumwambia mgeni "nilipe, la sivyo nitakuandika vibaya" kumekatazwa na Airbnb. Mgeni aliyekiri na kulipa ameonyesha uaminifu, na uaminifu huo unafaa kuandikwa.

Baraza ndilo kosa lenyewe. Kanuni ilikuwa imeandikwa, na watoto wa nyumba walikuwa wamelala. Hata hivyo, tuulize kilichotokea alipokumbushwa. Mama alituma ujumbe saa nne na nusu. Wakajibu "sawa, Mama," wakaendelea kwa zaidi ya saa moja. Wangetawanyika papo hapo, ingekuwa kusahau. Kuendelea baada ya kukumbushwa ni kupuuza, na ujumbe ule ulioandikwa ndani ya mtandao, wenye saa yake, ndio ushahidi.

Basi usafi upewe nyota 4, mawasiliano 5, kanuni 3. Nayo tathmini isomeke hivi:

"Wageni wapole, waliotujibu haraka kila tulipowaandikia. Shuka liliharibika kwa bahati mbaya; walitueleza wenyewe wakalilipia. Usiku mmoja walikaa na marafiki barazani hadi karibu saa sita, ingawa mwisho ni saa nne na tuliwakumbusha. Wanafaa zaidi nyumba inayojitegemea kuliko kuishi pamoja na familia yenye watoto."

Tazama: hakuna neno "wachafu" wala "wakaidi". Kuna tendo, saa na jinsi lilivyoisha. Mwenyeji wa Watamu mwenye nyumba ya peke yake atawapokea bila wasiwasi. Mwenye watoto wachanga atajua la kuuliza. Habari za taulo zinatosha kwenye ujumbe wa faragha, unaosomwa na mgeni peke yake.

Nawe mwenyeji, kabla ya kumpokea mgeni mwingine, ongeza piko kwenye kanuni zako na uweke shuka la rangi nzito. Kosa ambalo hukulikataza usilitoze nyota.