Panchi ya Harusi: Usisahau Kwamba Barafu ni Maji

Wageni wamealikwa saa nane, maharusi wangali wanapigwa picha, na panchi iliyomiminwa mapema imekaa mezani saa nzima. Itakapofika zamu ya wazee kuonja, wataonja maji yenye rangi. Kosa si la matunda. Mpishi alitia maji yote yanayotakiwa, kisha akaongeza barafu juu yake.

Tuseme unaandaa karamu ya wageni 150 katika ukumbi wa kanisa hapa Nairobi. Mpe kila mmoja gilasi mbili za mililita 200. Hizo ni gilasi 300, yaani lita 60. Usizitengeneze zote kwa pamoja. Zigawe mara sita, lita 10 kila mara, katika ndoo safi ya lita 20 yenye kifuniko.

Kwa ndoo moja tia lita 1 ya skwoshi nzito ya machungwa, ile ya kuchanganywa na maji mara nne, na lita 1 ya maji ya nanasi yaliyochujwa. Nanasi mbili kubwa zatosha. Ongeza maji lita 2 yaliyochemshwa na kupoa. Wakati wa kuandaa, mimina polepole chupa mbili za lita 2 za soda ya tangawizi, kisha tia barafu kilo 2. Barafu hiyo ndiyo lita 2 za maji zilizobaki. Onja kabla ya kuitia: panchi yapasa kuwa tamu kupita kiasi kidogo. Ikiwa tamu sawasawa wakati huo, baadaye itapwaya.

Kwa ndoo sita, basi, nunua chupa 12 za soda, lita 6 za skwoshi na nanasi 12. Machungwa 24 yaliyokatwa duara yatapendeza yakielea juu. Ndizi ziache, maana hugeuka nyeusi, na papai huvurugika.

Barafu ihesabu robo kilo kwa mgeni, karibu kilo 38. Kilo 12 ni za kutia kwenye panchi, nazo zigandishe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, ukianza siku kadhaa mbele na kuwaomba majirani nafasi katika friji zao. Mikebe ya aiskrimu hufaa sana, kwani pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Zilizobaki ni za mabeseni ya kupozea chupa na ndoo, na hapo hata barafu ya wauza samaki yafaa, mradi isiingie kinywajini.

Kupoza mapema si anasa. Mchanganyiko wenye joto la nyuzi 25 utayeyusha kilo 2 zote kabla gilasi ya kwanza haijajazwa.

Na wale wasioalikwa? Weka kando vifaa vya ndoo ya saba bila kufungua chochote, na mwombe mwenye duka mapema akubali kurudishiwa chupa zitakazobaki.